Risiti moja ya Kariakoo, mifuko mitatu

Mheshimiwa mwenyekiti, waweka hazina, wahasibu, na ninyi waratibu mnaoshika vitabu vya fedha kwa sababu ofisini hakuna mwingine wa kuvishika: shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi tunavyochukua kiasi kilichoandikwa kwenye stakabadhi na vocha, tukakiwekea msimbo wa mradi, mpaka kikafika kwenye ripoti ya mfadhili. Nimepewa dakika arobaini. Nyingi nitazimalizia kwenye vocha moja tu, maana matatizo karibu yote niliyoyaona katika kazi hii yamo ndani yake.

Kabla ya vocha, neno lenyewe. Ofisini kwetu tulikuwa tunasema "kodi ya mradi", kama wengi wenu mnavyosema. Siku moja dereva akaambiwa aandike kodi nyuma ya risiti. Akaigeuza, akaandika kiasi cha kodi ya TRA kilichochapwa upande wa pili. Hakukosea yeye, tulikosea sisi. Tangu siku ile kwetu ni msimbo, na kodi ni ile ya serikali.

Sasa vocha. Shirika letu ni dogo, tuko watu sita. Tuna kazi mbili: maji na vyoo katika shule za msingi Mbagala, na hosteli ya wasichana wa sekondari Temeke. Maji yana mfadhili wake, hosteli ina wake. Halafu kuna fedha huru, yaani michango ya marafiki na waumini ambayo haikuja na sharti. Hizo ndizo zinazolipa pango, luku, na kila kitu ambacho wafadhili hawakitaki. Kumbukeni pia jambo moja la mkataba: mfadhili wa maji amesema wazi kwamba halipii kodi ya ongezeko la thamani. Wa hosteli hakuweka sharti hilo. Na sisi hatujasajiliwa kwa kodi hiyo, kwa hiyo hatuna mlango wa kuidai irudi. Ikishalipwa dukani, ni gharama yetu.

Mratibu wetu wa maji alichukua masurufu ya shilingi 900,000 akaenda Kariakoo. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alinunua tangi la plastiki la lita 2,000, mabomba na koki kwa ajili ya shule, na kwa kuwa mwenzake wa hosteli alimwomba, akachukua na ndoo tatu za rangi. Akakodi kirikuu. Wakatoka Kariakoo, wakashusha rangi Temeke, wakaendelea na Barabara ya Kilwa hadi Mbagala na tangi. Jioni akaniletea risiti ya EFD, kipande cha karatasi alichosaini mwenye kirikuu, na shilingi 14,000 zilizobaki.

Chini ya risiti palikuwa hivi:

```
TOTAL EXCL OF TAX:   700,000.00
TAX A-18.00%:        126,000.00
TOTAL TAX:           126,000.00
TOTAL INCL OF TAX:   826,000.00
CASH:                830,000.00
CHANGE:                4,000.00
```

Karatasi moja, na kiasi tofauti kibao. Sisi hatuchapi risiti kwa mkono siku hizi. Tunaipiga picha kwa simu, na programu inayosoma maandishi kwenye picha inatoa tarehe, jina la duka na kiasi. Programu ilileta 830,000. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote, na programu nyingi za aina hii hubahatisha kwamba namba kubwa ya chini ndiyo jumla. Ile ni fedha aliyomkabidhi mwenye duka, noti themanini na tatu za elfu kumi, kabla ya kurudishiwa chenji. Kama ningeipokea tu, matumizi yangeongezeka 4,000, na masurufu yasingefunga kwa 4,000 hizo hizo. Halafu ningeanza kumtazama kijana wa watu kwa jicho baya.

Jaribio ni rahisi, na halihitaji kujua kiwango cha kodi. Chukua kiasi kabla ya kodi, jumlisha na kodi, lazima upate jumla pamoja na kodi. Laki saba na laki moja na elfu ishirini na sita ni 826,000. Namba tatu zilizochapwa na mashine ileile zikikubaliana, umesoma mistari sahihi. Zisipokubaliana, rudi kwenye karatasi yenyewe, usirudi kwenye picha. Na karatasi ya EFD ni ile inayochapwa kwa joto: ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani wiki mbili unabaki na kikaratasi cheupe. Ipigwe picha siku hiyohiyo.

Karatasi ya kirikuu ilikuwa na mkasa wake. Imeandikwa kwa kalamu: 60,000/=. Programu ikasoma 600,001. Mnaona kilichotokea? Ule mkwaju wa "/=" umegeuka kuwa moja. Sisi Watanzania tunaandika mkwaju na alama ya sawasawa, au mkwaju na kistari, baada ya kila kiasi, na programu iliyotengenezwa mbali haijui desturi hiyo. Kwa hiyo tumejiwekea mtego: kiasi chochote cha fedha taslimu kisichoishia na sifuri kinajipaka rangi ya njano, na mtu anafungua picha aangalie. Hakuna dereva wa kirikuu Dar es Salaam anayetoza laki sita na shilingi moja. Makato ya miamala ya simu yanaweza kuishia na tarakimu yoyote, kwa hiyo hayo hatuyapitishi kwenye mtego.

Mpaka hapa tuna kiasi sahihi: 826,000 dukani na 60,000 za usafiri, jumla 886,000. Ukiongeza 14,000 zilizorudi unapata zile 900,000. Nisisitize kidogo hapo, maana nimekuta shirika limeandika masurufu yote 900,000 kama matumizi siku yanapotoka, na msimbo juu yake. Masurufu si matumizi. Ni fedha yetu ikiwa mfukoni mwa mtu. Hayapewi msimbo wa mradi hadi yarejeshwe, na kinachopewa msimbo ni kile kilichonunuliwa.

Sasa msimbo. Nitawaambia tulivyokuwa tunafanya zamani, kwa sababu nadhani wengine bado mko huko. Tulikuwa na msimbo mmoja kwa kila mradi: MJ ni maji, EL ni elimu, OF ni ofisi. Risiti ikija, tunaandika MJ juu yake kwa kalamu nyekundu, basi. Risiti yenye vitu vya miradi miwili tuliipa msimbo wa kile kilicho kikubwa. Ripoti ya mfadhili ilikuwa ni kuchuja MJ na kujumlisha.

Ripoti ya mwaka wa kwanza ilirudi. Mfadhili alikuwa amepiga mstari kwenye kodi yote tuliyomwandikia, akasema rudisheni. Tukarudisha kutoka fedha huru, ambazo tulikuwa tumeshazihesabu kwa ajili ya pango la miezi mitatu. Mwenye nyumba, Mungu ambariki, alikuwa na subira kuliko mfadhili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hatukumficha mtu chochote. Kodi ile kweli ilitumika kwenye maji. Msimbo MJ ulisema ukweli. Ila swali alilouliza mfadhili lilikuwa jingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila kiasi kinajibu maswali mawili, na sisi tulikuwa na nafasi ya jibu moja. La kwanza: fedha hii imefanya kazi gani? La pili: ilikuwa fedha ya nani? Kazi ni mradi. Mwenye fedha ni mfuko. Kwa kawaida majibu yanafuatana, maji yanalipwa na fedha za mfadhili wa maji, ndiyo maana mtu anaona yatosha kuandika moja. Yanapoachana ndipo ripoti inapoharibika, na kodi ya tangi ndipo yanapoachana: kazi ni maji, lakini mlipaji ni fedha huru.

Kwa hiyo leo vocha ile inaingia kwenye Ekseli namna hii. F1 ni mfuko wa mfadhili wa maji, F2 ni wa hosteli, FH ni fedha huru.

```
VOCHA  MSTARI  MAELEZO          KIASI    MRADI  MFUKO
V0147  1       Tangi lita 2000  400,000  MJ     F1
V0147  2       Mabomba na koki  150,000  MJ     F1
V0147  3       Kodi ya 1 na 2    99,000  MJ     FH
V0147  4       Rangi ndoo 3     177,000  EL     F2
V0147  5       Kirikuu Mbagala   40,000  MJ     F1
V0147  6       Kirikuu Temeke    20,000  EL     F2
```

Risiti moja na karatasi moja zimezaa mistari sita. Tuitazame taratibu.

Bei zilizochapwa kwenye risiti zilikuwa na kodi ndani: tangi 472,000, mabomba na koki 177,000, rangi 177,000. Kwa rangi sikugusa kitu, mfadhili wa hosteli analipia kodi, kwa hiyo kiasi kizima kimekwenda F2. Kwa tangi nimegawanya 472,000 kwa 1.18 nikapata 400,000, na mabomba vivyo hivyo nikapata 150,000. Kodi ya viwili hivyo ni 99,000, nayo imesimama mstari wake, mradi MJ, mfuko FH. Ile ya rangi, 27,000, imebaki ndani ya rangi. Ukijumlisha 99,000 na 27,000 unarudi kwenye 126,000 ya risiti, na hapo unajua hujapoteza kitu njiani.

Nikichuja F1 kwa ajili ya mfadhili wa maji napata 590,000, na hamna ndani yake hata senti ya kodi aliyoikataa. Nikichuja MJ kwa ajili ya bodi yetu napata 689,000, ambayo ndiyo gharama halisi ya kupeleka maji shule ile. Namba mbili tofauti, zote za kweli, kutoka kwenye karatasi ileile. Na bodi ikiona pengo la 99,000 inajua kila tangi la mfadhili huyu linakula kiasi gani cha fedha zetu huru. Kwetu taarifa hiyo ilibadilisha jinsi tunavyoandika maombi ya ruzuku: sasa tunaulizia kodi kabla ya kusaini.

Kirikuu je? Hapa watu wengi hugawa nusu kwa nusu, kwa sababu vituo ni viwili. Si dhambi, lakini uliza kwanza kama gharama yenyewe haijajigawa. Nilimuuliza mratibu, akaniambia maneno ya dereva: "Mbagala elfu arobaini, nikisimama Temeke kushusha ongeza ishirini." Basi mgawanyo umeshatoka kinywani mwa aliyetoza. Nilimwambia aandike maneno hayo nyuma ya karatasi na asaini. Mkaguzi akija, hana haja ya kuniuliza kwa nini 40 kwa 20.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye sharti letu ambalo wenzangu ofisini walilinung'unikia sana. Msimbo unaandikwa na aliyetumia fedha, siku anayorejesha masurufu, mbele yangu. Siweki msimbo mimi mwisho wa robo mwaka. Mwezi wa sita, nikiwa na bahasha ya risiti mia mbili, nitajuaje kama rangi ile ilikwenda hosteli au ilipaka vyoo vya Mbagala? Risiti imeandika "RANGI LITA 20" tu. Nitakisia, na makisio yangu yataelemea mradi wenye salio kubwa, hata kama sikukusudia. Mfadhili akija kukagua atakuta vyoo vya Mbagala havina rangi.

Ambacho mtumiaji hana uhakika nacho kinapewa msimbo XX. XX maana yake hatujui bado. Hairuhusiwi kuwamo kwenye ripoti, na kila Ijumaa nasoma XX zote kwa sauti, kila mtu anajibu yake. Msiione haya XX. Ninachokiogopa ni jedwali la robo nzima lisilo na XX hata moja, kwa sababu najua kuna mtu alikuwa anabahatisha.

Sasa nije kwenye ukaguzi wetu wenyewe kabla ya ripoti kutoka. Tuna majedwali mawili. Moja tunaliita Risiti, kila karatasi ina mstari mmoja na kiasi chake kama kilivyochapwa, na hicho hakibadilishwi. La pili tunaliita Mistari, ndimo mgawanyo unamokaa. Swali la kwanza ni kama mistari ya kila vocha inarudi kwenye jumla ya karatasi zake. Ikiwa safu ya A ni vocha na D ni kiasi katika majedwali yote mawili, mstari wa V0147 unaulizwa hivi:

```
=SUMIFS(Mistari!D:D, Mistari!A:A, "V0147") - SUMIFS(Risiti!D:D, Risiti!A:A, "V0147")
```

Jibu liwe sifuri. Kwa vocha yetu, Mistari inatoa 886,000, na Risiti inatoa 826,000 na 60,000. Sifuri.

Swali la pili ni kama jumla ya misimbo yote ni sawa na jumla ya safu nzima. Mtu atasema, itakosaje? Itakosa hivi: mwenzangu mmoja aliandika MJ kisha akagusa kitufe cha nafasi bila kujua. Kwa macho ni MJ. Kwa Ekseli "MJ" na "MJ " yenye nafasi ni watu wawili wasiojuana. Kiasi kile hakikuingia MJ, hakikuingia EL, hakikuingia popote, na ripoti ya maji ikatoka pungufu. Mwingine, kwenye msimbo kama F0, anaandika herufi O badala ya sifuri, ndiyo maana sisi tumeikwepa sifuri kwenye misimbo kabisa. Dawa yake ni kuwanyima watu nafasi ya kuandika: safu za mradi na mfuko ziwe na orodha ya kuchagua, mtu abonyeze tu.

Swali la tatu ni marudio. Mratibu akiwa njiani anatuma picha ya risiti kwa Wasap, nasi tunaiingiza. Jioni analeta karatasi, tunaiingiza tena. Kiasi kilekile, duka lilelile. Risiti ya EFD ina namba yake ya uhakiki, ileile unayoweza kuiingiza kwenye verify.tra.go.tz ukaona kama risiti ni halali. Tunaiandika namba hiyo kwenye jedwali la Risiti, na ikijitokeza mara mbili inajipaka nyekundu. Msiitafute kwenye Mistari, kule ni halali irudiwe, kwa sababu risiti moja imegawanyika. Na karatasi halisi, ikishagawanywa, inapigwa muhuri na kuandikwa kila msimbo na kiasi chake juu ya uso wake. Hiyo inazuia jambo baya zaidi kuliko marudio ya bahati mbaya: risiti moja kutolewa nakala na kupelekwa nzima kwa wafadhili wawili. Wakaguzi huligundua hilo kwa urahisi, na wakiligundua hawaamini kwamba ulisahau.

Mtaniuliza habari za shilingi moja. Bando la intaneti la ofisi ni 85,000, linagawanywa kwa mifuko mitatu sawasawa, kila mmoja 28,333, na jumla inakuja 84,999. Shilingi moja imeanguka. Sisi tumeandika kanuni kwamba inayobaki inakwenda FH siku zote, basi. Si kwamba shilingi ina thamani. Ni kwamba jedwali likizoea kutofunga kwa shilingi mbili tatu, jicho lako linazoea pengo, na siku pengo likiwa elfu moja utasema "ni zile za kukata desimali".

Mimi ilinitokea. Robo moja jedwali lilizidi daftari la fedha kwa 1,000. Elfu moja tu, kati ya mamilioni. Nilikuwa tayari kuliandika kama tofauti ndogo nilale. Mama mmoja mzee anayetusaidia hesabu akanikataza, akasema tofauti ndogo ni mume na mke waliogombana, ndani mna mengi. Tulikaa hadi saa mbili usiku. Tulikuta vocha ya 54,000 imeandikwa 45,000, imepungua 9,000. Na bodaboda wa 10,000 alikuwa ameingizwa mara mbili. Makosa mawili, ya miradi miwili tofauti, yamefichana hadi ikabaki elfu moja juu. Ripoti ya mfadhili mmoja ilikuwa pungufu na ya mwingine ilikuwa imezidi. Kidokezo kwa mara nyingine: kosa la kupindua tarakimu, 54 ikawa 45, siku zote linatoa tofauti inayogawanyika kwa tisa. Ukiona pengo la 9,000 au 27,000 au 360, anza kutafuta tarakimu zilizopinduka.

Kuna malipo yanayofanana na kosa na wala si kosa. Tulimlipa mkufunzi wa masuala ya usafi 200,000. Benki ilionyesha 190,000, maana tulimkata kodi ya zuio asilimia 5 tukaipeleka TRA. Gharama ya mradi ni 200,000. Mistari ni miwili, 190,000 na 10,000, na yote ina msimbo mmoja. Kodi ya zuio ni sehemu ya malipo ya mkufunzi, haikuongezwa juu yake, kwa hiyo haiingii kwenye lile sharti la mfadhili wa maji. Ukiziacha zile 10,000 ziende OF kwa sababu zimelipwa TRA, umelidhulumu shirika lako mwenyewe.

Upande wa fedha zinazoingia sitakaa sana, lakini nao unahitaji misimbo, na wengi hawauwekei. Fedha inapoingia haina mradi bado, ina mfuko tu. Mfadhili alituma yuro 5,000. Zilifika 4,980, benki za njiani zilichukua 20. Kwa kiwango cha siku ile cha 2,700, kwenye akaunti ikasoma shilingi 13,446,000. Mhasibu akiandika 13,446,000 kama mapato, ripoti itasema tulipokea yuro 4,980, na mfadhili ana karatasi ya kutuma 5,000. Andika mapato 13,500,000 kwenye F1, na makato 54,000 kama matumizi, kisha angalia mkataba unasema makato ni ya nani. Na kiwango kile cha 2,700 kiandikwe kwenye mstari huohuo, kwa sababu ripoti ya yuro itakapoandikwa miezi sita baadaye kiwango cha mtandaoni kitakuwa kingine, na ukikitumia hicho utajikuta umetumia zaidi au pungufu ya ulichopokea bila kununua hata msumari.

Michango midogo ina ugumu wa aina yake. Mama mmoja baada ya ibada alitoa 50,000, kwenye stakabadhi tukaandika "kwa ajili ya watoto". Watoto gani? Wa shule ya Mbagala wanaokunywa maji, au wasichana wa hosteli? Mwenzangu alitaka kuweka F2 kwa sababu hosteli ilikuwa na upungufu. Nikamwambia F2 ni mfuko wa mfadhili wa mkataba, hauchanganywi na mchango wa mama huyu hata kama unafanya kazi ileile. Tumeongeza safu kwenye jedwali la mapato, inaitwa maneno ya mtoaji, na ndani yake tunaandika alichosema kama alivyosema, kabla ya msimbo wowote. Kisha tukampigia simu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, watoto ni watoto, tumieni panapouma." Tuliandika na hilo, na tarehe ya simu. Sasa ni FH, na mtu akiuliza, jibu ni la mtoaji mwenyewe.

Duka likitupa mifuko kumi ya saruji bure, hiyo haiingii kabisa kwenye jedwali la fedha. Ina daftari lake la vitu. Nimeona saruji ya msaada ikiingizwa kama mapato na matumizi kwa bei ya kukisia, kisha watu wanashangaa benki haifungi.

Ninaona mwenyekiti ananionyesha saa. Nimetoa nakala za vocha V0147, jina la duka na la dereva nimeyafuta, karatasi zinapita kuanzia mstari wa mbele. Nyuma yake kuna vocha nyingine, V0152, ya safari ya Chanika: mafuta ya gari, chakula cha mchana cha watu wanne, na risiti moja ambayo tarehe yake ni siku tatu kabla ya mkataba wa ruzuku kuanza. Gawanyeni mistari yake kwa kalamu, mradi na mfuko kila mstari, halafu tuone wangapi wataweka XX kwenye ile ya tatu.